Kodi ya majukwaa ya nje: tumkate nani, na pesa iko mkononi mwa nani?

Kiwanda cha saruji cha Dangote kiko nje kidogo ya mji wa Mtwara, na gesi ya Mnazi Bay inatoka kwenye visima vya Msimbati ambavyo mtu yeyote anaweza kuonyeshwa. Mtaji mwingi umetoka nje, lakini mahali pa kuanzia kudai kodi panajulikana. Pana mitambo, pana wafanyakazi, pana ofisi ya uhasibu na vitabu vya hesabu. Afisa wa TRA akitaka kuuliza swali, anapanda gari anaenda.

Sasa chukua kampuni inayomuuzia matangazo ya simu mwenye nyumba ya wageni pale Mikindani. Kampuni hiyo haina chumba Mtwara wala Dar es Salaam. Haina mfanyakazi hata mmoja nchini. Inapata pesa kila wiki kutoka Lindi, Masasi, Kilwa na Newala, na pesa hiyo inaondoka kupitia kadi ya benki bila kumgusa mtu. Kanuni ya zamani ya kodi ya kimataifa inasema faida ya kampuni ya kigeni itozwe pale tu kampuni hiyo ilipo na kituo cha kudumu cha biashara, kama ofisi, kiwanda, mgodi au wakala anayefunga mikataba kwa niaba yake. Bila kituo, ile asilimia 30 ya faida wanayotozwa kampuni za hapa haimfikii.

Tanzania imejibu kwa njia tatu, na zote zinafanya kazi kwa pamoja. Wateja wangu wengi wanadhani ni kodi moja, wanaiita "ile kodi ya mitandao", na hapo ndipo hasara inapoanzia. Nitaziweka bega kwa bega kwa kutumia hesabu ya nyumba moja ya wageni, kisha niseme ipi ningeichagua ikiwa tungeulizwa maoni wakati wa Muswada wa Sheria ya Fedha.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni VAT. Tangu Julai 2022 kampuni ya nje inayouza huduma za kielektroniki kwa mteja wa Tanzania Bara ambaye hajasajiliwa VAT inatakiwa ijisajili TRA kwa utaratibu uliorahisishwa, iongeze kwenye bei VAT ya kiwango cha kawaida, asilimia 18, na kuileta. Haihitaji kufungua ofisi. Mlipaji wa mwisho ni mteja, na kampuni ni mkusanyaji tu.

Ya pili ndiyo iliyosikika sana redioni, kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 2. Nayo ilianza Julai 2022. Hii ni kodi ya mapato ya kampuni yenyewe, inayopigwa kwenye malipo ghafi bila kuuliza faida. Ila ilivyoandikwa mwaka ule, inagusa malipo yanayotoka kwa mtu binafsi ambaye halipi kwa ajili ya biashara. Kijana wa Lindi mjini anayelipia muziki au filamu kwenye simu yake yumo. Mwenye nyumba ya wageni anayelipia tangazo la vyumba vyake hayumo, hata kama kadi ni yake binafsi.

Ya tatu ni kongwe kuliko hizo na wengi hawaihesabu kabisa kama kodi ya majukwaa: kodi ya zuio. Mfanyabiashara wa hapa akimlipa asiye mkazi kwa huduma, anatakiwa azuie asilimia 15 ya malipo, aipeleke TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na kinachobaki ndicho anachomtumia mwenye huduma. Asipozuia, sheria inamhesabu kama amezuia: deni linakuwa lake yeye, pamoja na riba.

Hesabu ya Mikindani

Nyumba ina vyumba sita na inasimamiwa na mama mmoja mwenye kumbukumbu nzuri kuliko kampuni nyingi ninazozijua. Kwa mwezi mmoja, wageni waliopitia jukwaa la nje la kuwekea vyumba wamelipa jumla ya shilingi 4,000,000. Jukwaa linachukua kamisheni ya asilimia 15, yaani 600,000. Mwezi huohuo amelipia matangazo ya shilingi 200,000 kwenye mtandao wa kijamii. Jumla ya huduma alizonunua nje ni shilingi 800,000.

Mauzo yake ya mwaka hayafiki milioni 200, ambacho ndicho kiwango cha kulazimika kusajiliwa VAT, kwa hiyo hana namba ya usajili wa VAT, yaani VRN. Tuipige kila kodi peke yake kwenye hizo 800,000. Nimeongeza mstari wa Kenya kwa sababu nitauhitaji mbele.

| Njia | Hesabu | Serikali inapata | Mama anatoa jumla |
|---|---|---|---|
| VAT 18% | 800,000 × 0.18 | 144,000 | 944,000 |
| Asilimia 2 ya malipo, kama ingemhusu | 800,000 × 0.02 | 16,000 | 800,000, jukwaa lisipopandisha bei |
| Zuio 15%, jukwaa likikubali kukatwa | 800,000 × 0.15 | 120,000 | 800,000 |
| Zuio 15%, jukwaa likikataa | 800,000 ÷ 0.85 | 141,176 | 941,176 |
| Mfano wa Kenya, 3% | 800,000 × 0.03 | 24,000 | 800,000, jukwaa lisipopandisha bei |

Mistari miwili ya kodi ya zuio inahitaji maelezo, maana tofauti kati yake ndiyo ugomvi wote. Sheria inaliona zuio kama pesa ya jukwaa: mama alipe 680,000, TRA ipate 120,000, basi. Lakini mikataba ya majukwaa haya huandikwa kwamba malipo yafike kamili bila makato. Mama akitaka 800,000 zifike kamili na sheria itimizwe, inabidi hiyo 800,000 ihesabiwe kuwa ni asilimia 85 iliyobaki baada ya zuio. Kwa hiyo malipo yote ni 941,176, na kodi ni 141,176 kutoka mfukoni mwake.

Halafu njia hizi hazisubiriani. Kwa mama huyu, VAT na zuio vinakuja pamoja: 800,000 ya huduma, 144,000 ya VAT, 141,176 ya zuio. Jumla ni 1,085,176. Amelipa zaidi ya theluthi juu ya bei, na katika hiyo hakuna hata shilingi ya ile asilimia 2 iliyotangazwa kuwa ndiyo kodi ya wakubwa wa mitandao.

Mzigo hauishii hapo. Mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida anatozwa kwa makadirio yanayofuata mauzo. Yeye anahesabiwa ile 4,000,000 nzima, ingawa 600,000 ni kamisheni iliyokwenda kwa jukwaa, na zuio alilolibeba halimpunguzii chochote. Anayetozwa kwa faida angalau huyaweka hayo kwenye gharama.

Pesa iko mkononi mwa nani

Nilipomweleza habari ya zuio aliniuliza, "Sasa mwanangu, nikate wapi? Wao ndio wanaonikata mimi." Nadhani swali hilo lina uzito kuliko maoni mengi ya wataalamu niliyosoma juu ya jambo hili.

Angalia pesa inavyotembea. Kwenye mpango mmoja, mgeni analipa jukwaa moja kwa moja, jukwaa linajitoa chake kwanza na kumtumia mama 3,400,000. Kamisheni haikupita mikononi mwake hata sekunde moja, na hawezi kuzuia pesa asiyoishika. Kwenye matangazo ni kadi: jukwaa lenyewe linavuta 200,000 likifikia kikomo cha matumizi, wakati mwingine usiku wa manane. Hapo pia hakuna nafasi ya kukata.

Upo mpango wa tatu, ambapo mgeni analipa taslimu akifika na jukwaa linaleta ankara ya kamisheni mwisho wa mwezi. Hapo mama anashika pesa na anaweza kutuma pungufu. Anachopata ni deni kwenye akaunti, barua pepe za kukumbushwa, kisha nyumba yake inaondolewa kwenye orodha. Cheti cha kodi ya zuio alichopewa na TRA, ambacho kingetosha kabisa kwa mtoa huduma wa Dar es Salaam, upande ule hakuna mtu wa kukipokea.

Linganisha na kampuni kubwa iliyoko hapahapa Mtwara inayonunua huduma ya kompyuta kutoka nje kwa mkataba wa mwaka. Ankara inakuja, mhasibu anaikagua, anakata asilimia 15, anatuma iliyobaki kwa benki na kuambatanisha cheti. Muuzaji amekwishaliweka hilo kwenye bei tangu mazungumzo. Ni zuio lilelile, sheria ileile, na linafanya kazi vizuri kwa sababu mnunuzi ndiye anayeisukuma pesa na ana nguvu ya kujadiliana.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: kodi iwekwe kwa yule anayeshika pesa wakati wa kukata. VAT ya kampuni ya nje inapita kipimo hiki, kwa kuwa jukwaa linatoza bei na kodi kwa mkupuo mmoja. Asilimia 2 inapita pia. Zuio la asilimia 15 linapita kwa mkataba mkubwa na linaanguka kwa mlipaji mdogo wa kadi.

VAT: nzuri, lakini si kodi yao

Naitetea VAT hii mbele ya wateja ingawa hawaipendi. Redio ya hapa Mtwara iliyosajiliwa VAT ikimuuzia mama tangazo inaongeza asilimia 18. Kabla ya 2022 jukwaa la nje lilimuuzia tangazo bila hiyo 18, na redio yetu ilikuwa inashindana ikiwa imefungwa mguu. Hilo limesawazishwa.

Lakini tusijidanganye kwamba kwa VAT tumeitoza kampuni ya nje. Ile 144,000 imetoka Mikindani. Anayetaka kodi iguse mapato ya kampuni yenyewe hawezi kuishia hapo.

Udhaifu wake mwingine ni kujua mteja yuko wapi na muuzaji ni nani. Majukwaa hutambua mteja kwa kadi au akaunti ya benki, anwani ya malipo, laini ya simu na anwani ya intaneti. Kampuni kubwa zinafuata kwa sababu zinaogopa kuharibu jina. Kampuni ndogo ya programu iliyoko mbali, yenye wateja kumi hapa nchini, isipojisajili hakuna wa kwenda kuigongea mlango. Utaijua kwa ankara yake: bei tupu, hakuna mstari wa VAT wala namba ya usajili ya Tanzania.

Asilimia 2: inagusa kampuni, kwa kiasi gani?

Kodi hii ina sifa ya urahisi. Haihitaji kujua faida, ambayo kampuni kubwa inaweza kuipeleka kwenye nchi ya kodi ndogo kwa ada za ndani kwa ndani. Inahitaji kujua malipo tu. Na kwa upande wetu haina kizuizi kikubwa cha mikataba: Tanzania ina mikataba michache ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili, kama na India, Afrika Kusini, Italia, Kanada na Zambia, na haina mkataba wa namna hiyo na Marekani wala na Ayalandi, ambako majukwaa mengi makubwa hutolea ankara.

Kasoro yake ni kwamba kampuni yenye nguvu sokoni inaweza kuirudisha kwa mteja. Uingereza ilipoanza kutoza asilimia 2 mwaka 2020, Amazon iliongeza ada za wauzaji wake kwa asilimia 2, na Google ikaongeza asilimia 2 kwenye ankara za matangazo yanayoonyeshwa kule. Mama wa Mikindani hana nguvu zaidi ya wauzaji wa London. Lakini hata ikirudishwa yote, kwake ni 16,000 na si 141,176.

Kasoro ya pili ni ya kisiasa. Marekani inazichukulia kodi hizi kama zimelenga kampuni zake. India, iliyoanza na asilimia 6 kwa matangazo mwaka 2016, iliifuta ile ya asilimia 2 ya biashara ya mtandaoni mwaka 2024 na ile ya matangazo mwaka 2025. Kanada iliachana na yake mwishoni mwa Juni 2025 ili mazungumzo ya biashara na Marekani yaendelee. Nchi yetu ikiiegemea kodi hii pekee, inaegemea kitu kinachoweza kuondolewa kwa shinikizo la nje. VAT haina ugomvi huo, kwa sababu inamtoza mteja wa ndani na inawagusa wauzaji wote sawa.

Majirani wamefanyaje

Uganda inatoza asilimia 5 ya mapato ghafi tangu Julai 2023. Kenya ilianza na asilimia 1.5 mwaka 2021, kisha mwishoni mwa 2024 ikaibadili. Sasa inachukulia kwamba asilimia 10 ya mapato ghafi ya kampuni ya nje kutoka Kenya ni faida, na faida hiyo inatozwa asilimia 30. Ukizidisha unapata asilimia 3 ya mapato.

Ninaupenda mfano wa Kenya kuliko wetu kwa jambo moja. Unasema wazi kwamba kampuni yenye wateja hapa inafanya biashara hapa, iwe na ofisi au isiwe nayo, na unatumia kiwango kilekile cha faida wanachotozwa wenyeji. Wa kwetu unahesabu malipo ya mtu binafsi tu na kuyaacha ya wafanyabiashara kwa kodi ya zuio, na wafanyabiashara ndio wanaonunua matangazo na kulipa kamisheni.

Ningechagua hivi

VAT ibaki ilivyo. Kodi ya mapato ya kampuni ya nje ihesabiwe kwenye malipo yote yanayofanywa kwa kadi, kwa simu au kwa jukwaa kujikata lenyewe, yawe ya mtu binafsi au ya biashara, kwa asilimia 3 ya mtindo wa Kenya, na jukwaa ndilo liilipe. Zuio la asilimia 15 libaki kwa mikataba ambayo mnunuzi wa hapa anatuma pesa mwenyewe kwa benki, na juu ya kiwango fulani cha mwaka, ili kampuni ndogo zisinaswe.

Atakayepinga atasema serikali inaacha 120,000 na kuchukua 24,000. Kwenye karatasi ni kweli. Ila 120,000 hiyo haikusanywi kwa walipaji wadogo hadi siku ya ukaguzi, na siku hiyo hailipwi na jukwaa. Inalipwa na mama, pamoja na riba ya miezi yote ambayo hakujua. Kodi iliyokusudiwa mgeni asiye na ofisi inageuka kodi ya mwenyeji mwenye ofisi kwa sababu yeye ndiye anayepatikana.

Kwa sasa, kabla sheria haijabadilika

Pakua ankara zote za jukwaa kila mwezi. Ziko kwenye sehemu ya malipo ya akaunti yako, na nyingi hazitumwi zenyewe. Angalia kama VAT imeandikwa kwa mstari wake.

Kama una VRN, iandike kwenye akaunti ya matangazo. Jukwaa lililosajiliwa halitakuongezea 18. Wewe ndiye utakayejihesabia kwenye ritani yako, na kama mauzo yako yote yanatozwa VAT, mara nyingi unachoongeza upande mmoja unakitoa upande wa pili. Kama huna VRN, usiandike ya mtu mwingine ili kukwepa 18. Namba hiyo inaonekana TRA kwa mwenye nayo, na ataulizwa juu ya manunuzi asiyoyajua.

Zuio lihesabu kila mwezi hata kama jukwaa limekataa kukatwa, na ulipe kabla ya siku saba kuisha, ukigawanya kwa 0.85 kama nilivyofanya juu. Ukiona 141,176 haibebeki, basi bei ya chumba kwenye jukwaa hilo haijakokotolewa sawa. Gharama halisi ya kila 4,000,000 inayopita kule, pamoja na matangazo, ni 1,085,176, sawa na asilimia 27. Mgeni anayepiga simu moja kwa moja, au aliyeletwa na dereva wa bajaji kutoka stendi kwa bahashishi ya elfu tano, umpe bei ya chini kwa kipimo hichohicho.